Mealy au Moore? Mashine mbili za kujumlisha, na kitufe kilichonifanya nibadili kauli

Skuli tulifundishwa kujumlisha kwa kuanzia kulia. Saba na tano, kumi na mbili. Andika mbili, moja mkononi. Mwenye duka pale Darajani anayejumlisha bila kikokotoo mpaka leo anasema hivyo hivyo, na neno hilo moja, "mkononi", ndiyo kumbukumbu yote anayoihitaji. Hakumbuki tarakimu alizokwisha kuzipita. Anakumbuka tu kama mkono mtupu au una kitu.

Ukihamia kwenye bainari, yaani namba za sifuri na moja tupu, mambo yanakuwa mepesi zaidi. Kila hatua unapokea biti mbili, moja kutoka namba A na moja kutoka namba B, unaongeza kilicho mkononi, na jumla haiwezi kuzidi tatu. Unaandika biti moja, na mkononi inabaki ama 0 ama 1. Namba ziwe na biti nne au milioni nne, mkono haukui. Ndiyo maana kazi hii inafanywa na mashine ya hali chache, ile inayopokea mfululizo wa alama na kutoa mfululizo mwengine, ambayo vitabu huiita transdusa. Hali yake ndiyo mkono.

Vijana wanaokuja kwangu na kazi za darasani huuliza swali moja: "Maalim, niichore kwa Mealy au kwa Moore?" Zamani nilikuwa na jibu la haraka. Sasa sina, na nitaeleza kwa nini.

Tofauti iko wapi hasa

George Mealy alichapisha namna yake mwaka 1955, na Edward Moore ya kwake mwaka 1956. Wote wawili walikuwa watu wa maabara za Bell. Katika mashine ya Mealy, tokeo linaandikwa juu ya mshale: ukiwa katika hali fulani na ukapokea ingizo fulani, toa hiki. Katika mashine ya Moore, tokeo linaandikwa ndani ya duara la hali yenyewe: ukishafika hapa, onyesha hiki, haidhuru ulipita njia gani.

Kwa kujumlisha, Mealy inahitaji hali mbili tu. Niziite 0, mkono mtupu, na 1, mkono una moja. Ukiwa 0 na ukapokea biti 0 na 0, unatoa 0 na unabaki ulipo. Ukipokea moja na sifuri, kwa mpangilio wowote, unatoa 1 na unabaki. Ukipokea 1 na 1, unatoa 0 na kuhamia hali 1. Ukiwa hali 1 mambo yanageuka: 0 na 0 inatoa 1 na kukurudisha kwenye mkono mtupu, moja na sifuri inatoa 0 na unabaki, 1 na 1 inatoa 1 na unabaki. Mchoro mzima unaenea kwenye nusu ukurasa wa daftari.

Moore haiwezi kutosheka na mbili. Tazama hali ya mkono mtupu katika Mealy: kuna mshale unaoingia pale ukiwa umetoa 0, na mwengine unaoingia ukiwa umetoa 1. Duara la Moore lina tokeo moja tu, kwa hiyo hali hiyo lazima ipasuliwe vipande viwili. Hali ya pili nayo ni vivyo hivyo. Zinakuwa nne: 00, 01, 10 na 11, ambapo tarakimu ya kwanza ni mkono na ya pili ni kinachoonyeshwa. Jedwali la Mealy lina visanduku nane vya kujaza, la Moore kumi na sita. Lakini usiogope hiyo kumi na sita. Mshale unakokwenda unategemea mkono na biti zinazoingia, hautegemei ulichokuwa ukionyesha. Kwa hiyo mstari wa 00 na mstari wa 01 lazima vifanane kisanduku kwa kisanduku, na 10 na 11 vivyo hivyo. Visipofanana, umekosea, na hapo hapo unajua pa kutafuta.

13 na 7, zikienda sambamba

Tuchukue 13, yaani 1101, na 7, ambayo kwa biti nne ni 0111. Tunasoma kuanzia kulia, na mwishoni tunaongeza hatua moja ya 0 na 0 ili kilichobaki mkononi kipate kutoka.

| Hatua | A | B | Mkono kabla | Mealy inatoa | Moore inaonyesha wakati huo |
|---|---|---|---|---|---|
| 1 | 1 | 1 | 0 | 0 | 0 (ya kutupa) |
| 2 | 0 | 1 | 1 | 0 | 0 |
| 3 | 1 | 1 | 1 | 1 | 0 |
| 4 | 1 | 0 | 1 | 0 | 1 |
| 5 | 0 | 0 | 1 | 1 | 0 |
| 6 | | | 0 | | 1 |

Safu ya Mealy, ikisomwa kutoka chini kwenda juu, ni 10100, ambayo ni 20. Safu ya Moore ni hiyo hiyo ikiwa imeteleza hatua moja, kwa sababu kabla ya kupokea chochote mashine ya Moore tayari inaonyesha kitu. Kitu hicho si sehemu ya jibu. Mtu akisahau kukitupa atasoma 101000, yaani 40. Hii ni dalili nzuri ya kukariri: ukipata jibu ambalo ni mara mbili kamili ya lile sahihi, umehesabu biti ya kuanzia ya Moore.

Makosa mengine nayo yana sura zake. Ukisahau ile hatua ya mwisho ya 0 na 0, jibu linakuwa 0100, yaani 4, na pengo ni 16, ile moja iliyobaki mkononi. Ukianza na mkono usio mtupu, utapata 21, moja zaidi. Ukiziingiza namba kwa kuanzia kushoto, mashine itakupa 25. Hiyo si takataka. Ni jumla sahihi ya 11 na 14, ambazo ndizo 13 na 7 zikiwa zimepinduliwa. Kwa sababu hiyo usijaribu mashine yako kwa 9 na 6 peke yake: 1001 na 0110 zinasomeka sawa mbele na nyuma, na kosa la upande litajificha.

Kwenye programu

Hapa sina mjadala, chukua Mealy. Msimbo wake ni mkono na mzunguko tu:

```python
def jumlisha(a, b):
    mkono, jibu = 0, []
    for x, y in zip(a, b):
        t = x + y + mkono
        jibu.append(t % 2)
        mkono = t // 2
    return jibu + [mkono]
```

Orodha zote mbili zinaanza na biti ya kulia kabisa. Mtego uko kwenye `zip`, ambayo husimama orodha fupi inapokwisha. Ukiipa 13 kama `[1,0,1,1]` na 7 kama `[1,1,1]`, biti ya nne ya 13 inatupwa kimya kimya na unapata 12 badala ya 20. Jaza sifuri kwenye ile fupi, au tumia `zip_longest` ya `itertools` yenye `fillvalue=0`. Kuandika Moore hapa ni kubeba kigezo cha pili ambacho hakuna anayekihitaji, kwani kwenye programu hakuna anayechungulia katikati ya hatua.

Kwenye bredibodi, ndipo nilipokosea

Jibu langu la zamani lilikuwa hili: kwa programu Mealy, kwa vifaa vya kushika Moore. Sababu zilionekana nzuri. Mealy ni kijumlishi kamili cha biti tatu, kinachojengwa kwa geti mbili za XOR, mbili za AND na moja ya OR, pamoja na flipflopu moja ya kushika mkono. Moore inaongeza flipflopu ya pili inayoshika biti ya jumla. Kwenye karatasi unaona kumbukumbu imeongezeka mara mbili, lakini chipu ya 74HC74 inakuja na flipflopu mbili ndani yake. Ukijenga Mealy, nusu ya chipu inakaa bure. Gharama ya Moore ni waya chache tu.

Na faida yake unaiona kwa macho. Kwenye Mealy taa ya tokeo inafuata swichi zako: ukigusa A, taa inabadilika hapo hapo, kabla ya mpigo wa saa, ile ishara inayoiambia flipflopu ishike biti mpya. Kwenye Moore taa inatulia mpaka mpigo unapokuja.

Sasa kisa. Kijana mmoja anayesoma Tunguu aliniletea bredibodi yake ya Mealy, kibao cha kuchomekea chipu na waya, jioni moja pale barazani kwetu Kikwajuni. Swichi mbili za A na B, kitufe cha tatu cha mpigo, taa moja nyekundu. Akapanga 13 na 7. Kila hatua aliweka swichi, akabonyeza kitufe, akatazama taa, akaandika. Daftarini ikawa 1, 0, 1, 0, 0.

"Ishirini, Maalim," akasema. "Inafanya kazi."

Ni kweli 10100 ni ishirini. Ila yeye aliandika biti ya kwanza kushoto, na biti ya kwanza kutoka ndiyo ya kulia kabisa. Ukiisoma inavyotakiwa, daftari lake linasema 00101, yaani tano. Nikamwambia ajaribu 3 na 1. Akapata 1, 0, 0, akasoma nne, akacheka. Mimi sikucheka, nilianza kujitilia shaka mwenyewe.

Kilichomuumbua ni hesabu rahisi kuliko zote, 2 na 1. Taa ikasema 1, 1, 0, naye akasoma sita.

Makosa yalikuwa mawili, na katika hesabu mbili za mwanzo yalifichana. La kwanza ni huko kuandika kinyume. La pili ndilo la Mealy hasa: alikuwa anatazama taa *baada* ya kubonyeza. Mpigo ukishapita, mkono umebadilika, lakini swichi bado ziko pale pale. Hatua ya kwanza ya 13 na 7 ni 1 na 1 na mkono mtupu, na taa inasema 0. Unabonyeza, mkono unakuwa 1, na kijumlishi sasa kinaona 1 na 1 na 1, kwa hiyo taa inasema 1. Hilo si jibu la hatua ya kwanza, wala si la hatua ya pili. Ni jibu la swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Kwenye Mealy unasoma kwanza, kisha unabonyeza.

"Basi tuitie flipflopu ya pili iwe Moore," nikamwambia, "upate kutazama baada ya kubonyeza kama ulivyozoea." Tukaunganisha. Tukaweka waya wa kufuta wa flipflopu zote mbili chini kwa sekunde moja ili tuanze na 00, kwa sababu 74HC74 ikiwashwa haina ahadi ya kuanzia wapi, kisha tukaurudisha juu. Tukapanga 13 na 7 upya.

1, 0, 1, 0, 0.

Ile ile, biti kwa biti. Nilikagua waya mara mbili, na magharibi ikaingia tukiwa bado tunainamia kile kibao.

Mkosaji alikuwa kitufe. Vipande vya chuma ndani ya kitufe rahisi havigusani mara moja na kutulia. Vinadundadunda kwa muda mfupi sana, na flipflopu inahesabu kila dundo kama mpigo. Kidole kimebonyeza mara moja, mashine imepigwa mara mbili au zaidi. Mpigo wa kwanza ulihifadhi jibu sahihi, 0, na kuweka moja mkononi. Mpigo wa pili, ukija juu ya swichi zile zile, ukahesabu tena kwa mkono mpya na kuhifadhi 1 juu ya ile 0. Moore iliyopigwa mara mbili inaonyesha kile kile ambacho Mealy inaonyesha ukiichelewa.

Na hapa ndipo nilipobadili kauli. Mealy yenyewe haidhuriki na madundo hayo. Fikiria swichi zikiwa 1 na 1: mpigo wa kwanza unaupeleka mkono kwenye 1, wa pili unaukuta 1 na kuuacha 1. Zikiwa 0 na 0, mkono unakwenda 0 na kubaki 0 hata ukiupiga mara kumi. Zikiwa tofauti, mkono haubadiliki kabisa. Kwa ingizo moja lisilobadilika, mpigo wa pili na kuendelea haufanyi lolote kwenye mkono. Kwa hiyo anayesoma taa kabla ya kubonyeza, akabonyeza kwa kitufe kibovu kuliko vyote, atapata jibu sahihi kwa Mealy. Kwa Moore ataharibikiwa kila mara mkono unapobadilika.

Basi ushauri wangu wa vifaa siku hizi unaanzia kwenye kitufe. Kama mpigo unatoka kwenye chipu ya saa, au kitufe kimetulizwa kwa kipinzani, kapasita na geti ya 74HC14, jenga Moore: taa imetulia na hakuna haja ya kujua wakati wa kutazama. Kama una kitufe cha kawaida tu na waya, jenga Mealy na ujizoeze kusoma kwanza. Kuipima ni rahisi: weka 1 na 1 kwenye Moore iliyofutwa, bonyeza mara moja. Ikionyesha 1, kitufe kimedunda.

Ukitaka kujumlisha tatu

Kuna hali moja nyengine ambapo uchaguzi unabadilisha kitu, nayo ni kuunganisha mashine mbili ili kupata A na B na C. Tokeo la ya kwanza linaingia kwenye ya pili pamoja na C.

Kwa Mealy hakuna la kufikiria: tokeo linapatikana hatua ile ile, biti ya C inaingia wakati wake, na unaongeza hatua za 0 mwishoni mpaka mikono yote miwili iwe mitupu. Ubaya ni kwamba ishara inapita vijumlishi viwili mfululizo ndani ya mpigo mmoja, kwa hiyo mnyororo ukiwa mrefu, mpigo lazima uwe wa polepole.

Kwa Moore kila kiungo kinamaliza kazi yake ndani ya mpigo wake, na mnyororo unaweza kurefuka bila kupunguza mwendo. Lakini jumla ya kwanza inachelewa hatua moja, kwa hiyo C nayo icheleweshwe kwa flipflopu moja iliyoanzia 0. Ukisahau, mashine ya pili inaona jumla ya kwanza ikiwa imesukumwa nafasi moja, yaani mara mbili yake. Kwa 13, 7 na 3 ungetarajia 23. Utapata 43, ambayo ni 20 mara mbili na 3 juu yake.

Na ukilazimika kusoma kutoka kushoto?

Huulizwa hili kwenye mitihani, na jibu ni kwamba si Mealy wala si Moore itakayokusaidia. Chukua 0111. Ukiijumlisha na 0000 jibu linaanza na 0. Ukiijumlisha na 0001 jibu ni 1000, linaanza na 1. Hesabu hizo mbili zinafanana mpaka biti ya mwisho kabisa, na bado zinatofautiana kwenye biti ya kwanza ya jibu. Mashine inayosoma kutoka kushoto ingelazimika kungoja na kuhesabu zimepita moja ngapi, na hali chache haziwezi kuhesabu mfululizo usio na kikomo.

Mashine inayoruhusiwa kubahatisha inaweza, tena kwa hali mbili tu. Hali inakuwa ahadi: "upande wa kulia ataniletea moja" au "hataniletea". Kila hatua inatoa biti kwa kuamini ahadi iliyoichagua, na njia inakubaliwa ikiwa tu imeanza bila deni la kushoto na imemaliza kwenye ahadi ya mkono mtupu, kwani baada ya biti ya kulia kabisa hakuna wa kuleta chochote. Kwa kila jozi ya namba iliyoachiwa 0 mbele, njia ni moja tu. Kwa karatasi ya mtihani hilo linatosha. Kwenye bredibodi hakuna chipu ya kubahatisha.

Yule kijana alibaki na Mealy. Amebandika kipande cha karatasi juu ya kitufe, kimeandikwa kwa kalamu: *tazama kwanza*.